Saluni Tudor: ofa ya Krismasi ya kujaza Jumanne hadi Alhamisi, niweke punguzo ngapi?

MwenyeViti_Tudor
Wadau salama. Nina saluni hapa Tudor, viti vinne, wasusi watatu na binti mmoja wa kuosha nywele. Tatizo langu ni la kila Disemba. Wiki mbili za kwanza, Jumanne mpaka Alhamisi wasusi wakaa wakitazama simu, kisha ikifika tarehe 18 hivi mpaka mkesha wa Krismasi watu wajaa mpaka barazani, wengine wachoka kungoja waenda kwa jirani. Mwaka huu nataka kuweka ofa mapema, punguzo la asilimia 20 kwa huduma zote, Jumanne hadi Alhamisi mwezi mzima wa Disemba. Bango nshatengenezewa lakini sijalitoa. Swali langu ni moja, 20 yatosha ama nipande 30 ndio watu washtuke?

KinyoziMajengo
Weka 30 dada angu, 20 watu hawaioni siku hizi. Mie kwenye kinyozi shule zikifunga naweka bei ya watoto wawili kwa mmoja asubuhi, najaza mpaka adhuhuri. Na utie video TikTok, watu wa hapa wapenda kuona kichwa kabla na baada.

BiDaftari
Kaka Kinyozi, kichwa cha mtoto wakinyoa dakika 15 na gharama yako ni wembe na stima. Kichwa cha rasta ni msusi siku nzima na nywele za kununua. Si biashara moja hizo.

Mwenye Viti, kabla ya asilimia nijibu haya. Mwaka jana wiki ile ya msongamano ulirudisha watu ama walingoja tu wakafanyiwa? Huduma gani ndio zilijaa? Na wasusi wawalipa mshahara ama kwa kichwa?

MwenyeViti_Tudor
Niliwarudisha wengi bi, simu zingine hata sikushika. Waliojaa ni wa rasta, hizi notlesi hasa, bei yangu 3,000 na nywele juu yangu. Wa bloudrai na ritachi pia wapo lakini hao hawachukui muda. Wasusi nawalipa asilimia 40 ya kila kichwa.

BiDaftari
Basi una bahati, ofa yaweza kukufaa, kwa sababu unarudisha watu. Asiyerudisha watu wakati wa sizoni akiweka ofa ya mapema ajipunguzia mwenyewe tu, mteja yule yule angekuja tarehe 20 kwa bei kamili sasa amekuja tarehe 3 kwa bei ya chini na kile kiti cha tarehe 20 kimebaki kitupu. Wewe kiti cha tarehe 20 kina mtu mwingine mlangoni anakingoja. Kwa hivyo kazi ya ofa yako si kuleta watu Jumanne basi, ni kumhamisha mtu wa tarehe 20 aje tarehe 3.

Ukishaona hivyo "huduma zote" yafutika yenyewe. Mtu wa bloudrai huwezi kumhamisha. Na joto na unyevu huu wa Mombasa bloudrai ya Jumanne ikifika Jumapili ishajikunja, nani aifanye tarehe 3 kwa ajili ya Krismasi? Ukimpa 20 wa bloudrai utakuwa umempunguzia aliyekuwa anakuja siku hiyo hata bila ofa. Kinachohamishika ni kile kinachodumu mpaka tarehe 25. Rasta zadumu wiki sita, nane ukizitunza. Ritachi nayo yahamishika, dawa ya mapema Disemba bado iko sawa Krismasi, lakini umesema haikuli muda, basi iache. Weka ofa kwenye rasta peke yake.

Hesabu_ni_Hesabu
Samahani bi, mie naona mwazunguka sana. Kiti kikikaa kitupu Jumanne kimeingiza sufuri. Akija mtu hata kwa nusu bei ni faida, kodi ya chumba walipa tu awepo asiwepo. Ndege na hoteli zafanya hivyo hivyo.

BiDaftari
Nusu ya maneno yako ni kweli, kodi hailipwi mara mbili. Lakini kichwa cha rasta si kitanda cha hoteli. Chukua hiyo 3,000 yake. Msusi achukua 1,200. Nywele tuseme pakiti za 600. Zabaki 1,200 za saluni. Sasa toa asilimia 20, ni 600. Ukimlipa msusi kwa bei kamili zimebaki 600, yaani punguzo la humusi moja kwa mteja limekula nusu ya kile kilichokuwa chako. Kwa asilimia 30 zabaki 300, na hapo bado hujahesabu maji wala stima. Kwa nusu bei unayosema wewe aingia hasara ya 300 kila kichwa, afadhali kiti kikae kitupu msusi alale.

Hesabu_ni_Hesabu
Si amlipe msusi asilimia 40 ya bei ya ofa? 2,400 mara 40 ni 960. Saluni yabaki na 840.

MsusiKisauni
Ndio hapo mtakapoharibu. Mie ni msusi miaka mingi, nimeajiriwa, nasema nionavyo. Notlesi ni saa tano sita nimesimama, mgongo ni wangu, vidole ni vyangu. Ofa ameitangaza bosi, kwa nini 240 itoke kwangu? Mjue tu kinachotokea. Mteja akinipigia nitamwambia "Jumatano nimeshikika mamangu, njoo Jumamosi". Ama nitamfuata kwao nimsuke nyumbani. Saluni fulani niliyokuwa huko nyuma walifanya hivyo, ofa ilikufa na hakuna aliyejua imeuliwa na nani.

MwenyeViti_Tudor
Eh hiyo ya kufuatwa nyumbani naijua vizuri. Haya basi, nikiwalipa kamili na punguzo lanila nusu, nifanye nini sasa? Nisiweke ofa?

BiDaftari
Weka, lakini usipunguze bei. Mpe kitu ambacho siku hizo wewe chakugharimu kidogo na yeye hawezi kukipata tarehe 22 hata akilia.

Cha kwanza ni mwendo. Jumanne wasusi wako wawili wamekaa, wakae wote kwenye kichwa kimoja. Saa sita zawa saa tatu. Mama anayeuza duka ama mwenye kazi akisikia "waingia saa nne watoka saa saba" ni maneno mengine kabisa kuliko "punguzo 20". 1,200 ya ususi wagawana 600 kwa 600, kila mmoja amefanya nusu ya kazi kwa nusu ya muda. Muulize Msusi Kisauni kama ataikataa hiyo.

MsusiKisauni
Hiyo sikatai kama siku yenyewe nilikuwa niko bure. Lakini iandikwe kabla nani na nani, wasusi wengine ni wazito wa mkono, mwenzio amefika katikati wewe uko kwenye kisogo na mgao ni sawa. Na mikono miwili tofauti kwenye kichwa kimoja yaonekana, mmoja abana mwingine alegeza. Gaweni kulia na kushoto na yule mwenye mkono mwepesi afanye safu ya mbele yote.

Mteja_Likoni
Mie si mwenye saluni, ni mteja, lakini naomba niseme. Kinachonizuia kusuka mapema si bei. Naogopa ikifika Krismasi nishachakaa. Nikisuka tarehe 2, kivuko kila siku na jasho, kisha wageni wa bara waja wataka kupelekwa Pirates kuogelea maji ya chumvi, tarehe 25 kwenye picha mizizi imefumuka mbele. Ndio maana twangoja mpaka tarehe 22 sote. Notlesi hasa, hazina fundo, zateleza haraka kuliko zile za zamani.

BiDaftari
Bi Likoni umesema jambo lenyewe. Hiyo hofu ndiyo ya kuiuzia dawa, na dawa yake ni kumrudia. Yaani anayesuka rasta wiki ya kwanza ama ya pili apewa na nafasi ya kurudiwa kabla ya Krismasi, safu ya mbele na pembeni tu, zafumuliwa na kusukwa upya, zapakwa povu, ncha zachovywa maji moto. Dakika 40 hivi. Msije mkasuka upya kichwa kizima, na pale mbele asivutwe, nywele za pajini zishabeba uzito wiki tatu, ukivuta tena waing'oa.

Hatari yake ni kwamba ukisema "rudi wakati wowote" watakuja wote tarehe 23 saa nne na utakuwa umejiletea msongamano uliokuwa waukimbia. Kwa hivyo saa ya kurudiwa yaandikwa siku ile ile anapobuk, asubuhi kabla ya vichwa vikubwa.

MwenyeViti_Tudor
Sasa naelewa. Bi Daftari nipigie basi mfano mzima kwa tarehe za mwaka huu, Krismasi ni Alhamisi.

BiDaftari
Haya fungua kalenda. Jumanne hadi Alhamisi wiki ya kwanza ni tarehe 2, 3, 4. Wiki ya pili ni 9 na 10 tu. Alhamisi ya tarehe 11 itoe, ni mkesha wa Jamhuri na Ijumaa hakuna kazi, siku hiyo yajaa yenyewe. Ya tatu ni 16 na 17, tarehe 18 itoe pia, ushasema ndio mlango wa msongamano. Zimebaki siku saba. Usitoe viti vyote, weka vichwa viwili vya ofa kwa siku, msusi mmoja abaki kwa wapita njia. Ni nafasi 14 na hizo 14 ndizo zatangazwa, kwa hesabu.

Nafasi 10 za wiki mbili za kwanza ndizo zapata kurudiwa. Wote 14 wape kuoshwa na tritimenti kabla ya kusukwa, wa tarehe 16 na 17 hawahitaji kurudiwa, hiyo yawatosha. Kurudiwa ni tarehe 19 mpaka 23, watu wawili kila asubuhi, saa moja na saa moja na dakika 45. Siku tano mara wawili ni 10, wote wametosha. Saa mbili na nusu waanza vichwa vya bei kamili.

Gharama tuseme tritimenti na maji 150, na anayemrudia 150. Ile 1,200 yako imekuwa 900 badala ya 600 ya punguzo. Na bei yako ya 3,000 haijaguswa, Januari hakuna atakayekuuliza mbona umepandisha.

MaziwaLala
Hapo kwa maji Tudor yenu yatoka? Sisi huku twanunua jerikeni na kisima ni chumvi, ukiosha kichwa maji ya kisima tritimenti haifanyi kitu, nywele zakauka kama makumbi. Kichwa kimoja cha kuosha vizuri chala jerikeni nzima na zaidi. Hiyo "kuosha bure" si bure.

MwenyeViti_Tudor
Yatoka siku mbili kwa wiki, siku zingine nanunua matamu. Ntalihesabu.

HinaNaPiko_OldTown
Na sie wa hina? Nataka kufanya hivi Ramadhani, mchana pako kimya kisha usiku wa kuamkia Idd wanawake wajaa mpaka ngazini. Nikiweka ofa kumi la pili la Ramadhani watakuja?

BiDaftari
Shoga hina si rasta. Hina nzuri wiki ya kwanza imekoza, ya pili yaanza kuondoka, ya piko hata mapema zaidi, na mtu atia udhu mara tano kwa siku. Aliyetiwa kumi la pili Idd yamkuta na madoa. Wewe ukihamisha mtu mpeleke siku mbili tatu mbele si wiki mbili, na uuze saa. Wale wa usiku wa 27 wape kiti na saa yao, wa mkesha walipe zaidi. Hata harusi za Disemba za Old Town ni hivyo, bibi harusi hahamishiki.

HinaNaPiko_OldTown
Walipe zaidi mkesha wa Idd? Watanitangaza mtaa mzima.

Hesabu_ni_Hesabu
Mie bado nina swali. Atajuaje kwamba amehamisha watu kweli na si wale wale wa Jumanne?

BiDaftari
Hilo ndilo swali zuri la leo. Kila anayebuk aulizwe kwa upole, "mwaka jana Krismasi ulisuka lini mama?" Kwenye daftari mbele ya jina aandike herufi moja. H amehama, yaani alikuwa wa wiki ya msongamano. M mpya. K ni wa kawaida wa siku hizo hizo. Tuseme zimejaa 10, sita H, wawili M, wawili K. Kila H amekuletea 900 ya siku kavu na kiti chake cha tarehe 20 umekiuza kwa bei kamili, kwa hivyo umeongeza 900. M vile vile 900. K umepoteza 300 kwa kila mmoja maana angekuja tu. Jumla ni 6,600 ambazo hukuwa nazo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa punguzo la 20 utapata 3,600.

Na ikiwa wiki ya kwanza daftari limejaa K, funga ofa wiki ya pili. Usione haya.

Mteja_Likoni
Hebu na mshahara mwaufikiria? Tarehe 2 mtu ana pesa ya Novemba. Tarehe 9, 10 mfuko umekauka na wengi ofisini mshahara wa Disemba waja kabla ya Krismasi, tarehe 19, 20 hivi. Hiyo pia ndio sababu twaja sote wakati mmoja.

BiDaftari
Ahsante, hilo nilikuwa nalifikia. Wiki ya pili ndio ngumu kujaza kwa sababu hiyo. Kwa hivyo tangazo litoke mwisho wa Novemba, simu zikiwa na pesa, na dipoziti ya 500 ilipwe kwenye Till siku ya kubuk. Wa tarehe 9 na 10 mruhusu alipe kidogo kidogo tangu Novemba mpaka siku yake, wengi watakushukuru. Bila dipoziti Jumanne ikinyesha hutamuona mtu, na mvua za vuli Novemba na Disemba waijua mwenyewe. Asipokuja bila kusema dipoziti imeenda. Akisema siku moja kabla, ahamishwe mara moja, lakini ndani ya zile siku saba, si tarehe 22.

Na kutangaza, bango la barabarani acha kwanza. Anza na waliokuja Disemba iliyopita, ndio wa kuhama hao. Kwenye WhatsApp orodha ya matangazo yabeba watu 256 na yamfikia yule tu aliyekusevu, asiyekusevu haoni kitu na wewe hujui. Hao ni kumtumia mmoja mmoja ukimtaja jina. Asiyetaka kutumiwa mfute, sheria ya data ya 2019 yampa haki hiyo. Na kichwa cha mtu usikipandishe stetasi bila kumuuliza.

KinyoziMajengo
Kwa hivyo TikTok hakuna?

BiDaftari
Ipo, lakini TikTok yaleta M. Tafuta H kwanza.

MwenyeViti_Tudor
Nimeandika hivi, niangalieni:

"Habari mama ___, mwaka jana Krismasi ulisuka kwetu. Mwaka huu usipange foleni. Notlesi 3,000 bei ile ile, Jumanne hadi Alhamisi mapema Disemba, wasusi wawili kwa kichwa chako, saa tatu umemaliza. Waoshwa na kupakwa tritimenti bila malipo, na tarehe 19 hadi 23 twakurudia mbele asubuhi kwa saa yako uliyoandikiwa. Nafasi ni 14 tu. Dipoziti 500 kwa Till ya saluni."

MsusiKisauni
"Saa tatu umemaliza", mtu wa hapa atasoma saa tatu asubuhi. Andika "kwa muda wa saa tatu". Na useme ni saizi ya kati, akija anayetaka nyembamba za kiunoni hata wasusi wawili hawamalizi muda huo, mtagombana mlangoni.

BiDaftari
Na ahadi ya kurudiwa useme ni kwa waliosuka tarehe 2 mpaka 10. La sivyo wa tarehe 17 atakuja na ujumbe wako mkononi.

Mteja_Likoni
Mie bado hiyo dipoziti inayopotea siipendi. Mtoto akiugua usiku na asubuhi siwezi kuvuka ferry, 500 yangu imeliwa? Kuna saluni ilinifanyia hivyo na siku nilipofika wenyewe walinikalisha saa mbili, wao hawakunilipa kitu.

MwenyeViti_Tudor
Una haki dada. Nafikiria kuandika na upande wangu, nikimkalisha mteja zaidi ya nusu saa namkata 500 kwenye bei. Bi Daftari wasemaje?

BiDaftari
Kwa siku za ofa sawa, kiti kiko bure hakuna sababu ya kuchelewa. Lakini usiiandike kwa wa tarehe 22, utafilisika.

Hesabu_ni_Hesabu
Hapo sasa mimi na Bi Likoni tuko pamoja, kama dipoziti ya mteja yaliwa tarehe 22 basi na saluni ikatwe tarehe 22.

MsusiKisauni
Na mkishaamua, hiyo 500 ya kumkalisha isitoke kwa msusi.